SNMP au telemetria ya mtiririko: ipi itakuonyesha mapema kwamba aplinki inajaa?

Ukifungua grafu ya trafiki kwenye mitandao mingi, utakuta nukta moja kila dakika 5. Desturi hiyo ni ya zamani. Ilienezwa na MRTG, programu iliyotoka mwaka 1995, na mifumo mingi iliyofuata iliirithi tu. Kama unapanga ununue linki kubwa zaidi mwakani, nukta moja kila dakika 5 inakutosha kabisa. Shida huanza pale unapotaka kujua, leo hii mchana, kwamba aplinki ya swichi fulani imeanza kupanda na itajaa kabla watu hawajarudi kutoka kula.

Kwa shida hiyo tunaambiwa tuachane na SNMP, ambapo seva huiuliza swichi kila mara, tuhamie telemetria ya mtiririko, ambapo swichi hutuma kaunta zake yenyewe. Nimeziendesha zote mbili kwenye mtandao mmoja, juu ya poti zile zile, na msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya sifa inayopewa telemetria inatokana na kusoma kaunta mara nyingi zaidi, na hilo SNMP nayo inaliweza mpaka mahali fulani. Anayetaka kuchagua inampasa ajue mahali hapo ni wapi, kisha ajiulize kama tatizo lake liko ng'ambo ya hapo au upande wa huku.

## Kaunta ni moja, wanaoisoma ni wawili

Ndani ya swichi, kila poti ina kaunta ya baiti zilizotoka na ya zilizoingia. Inapanda tu, kama mita ya kilomita kwenye gari. Ukisoma mita ukiwa Ubungo, ukaisoma tena ukifika Morogoro, utajua umbali mliokwenda na wastani wa mwendo. Kama dereva alikimbia kupita kiasi pale Mlandizi, mita haikuambii. Kaunta ya poti iko vivyo hivyo: hakuna baiti inayopotea kwenye hesabu, kinachopotea ni kujua zilipita saa ngapi.

Kwa SNMP, seva ndiyo inayouliza. Kila muda ukifika inatuma pakiti ya UDP kwenye poti namba 161 ya swichi, ikitaja namba ya kaunta inayoitaka, na swichi inajibu. Kwa telemetria, hapa nikimaanisha gNMI, ambayo ndiyo inayotumika kwa vifaa vya kampuni nyingi, seva inafungua kikao kimoja cha TCP na kueleza haja yake mara moja: nitumie kaunta za poti hii kila sekunde 10. Kuanzia hapo swichi inatuma yenyewe, bila kuulizwa tena.

Hizi hapa amri mbili zinazosoma baiti zilizotoka kwenye poti moja ya swichi ya Arista, ya kwanza kwa SNMP na ya pili kwa telemetria:

```
snmpget -v2c -c siri 10.20.0.11 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.10.49

gnmic -a 10.20.0.11:6030 -u mtazamaji -p siri --skip-verify \
  subscribe \
  --path "/interfaces/interface[name=Ethernet49]/state/counters/out-octets" \
  --stream-mode sample --sample-interval 10s
```

Tazama mwisho wa amri ya kwanza. Ile 49 ni namba ya kiolesura ndani ya jedwali la SNMP, yaani ifIndex, na kwenye baadhi ya vifaa namba hizo zinaweza kubadilika swichi ikizimwa na kuwashwa, au ukichomeka kadi mpya. Grafu inaendelea kuchorwa kama kawaida, ila sasa ni ya poti nyingine. Amri ya pili inataja poti kwa jina lake, kwa hiyo tatizo hilo halipo. Kwa SNMP dawa yake ni kuiambia programu ya kusoma ilinganishe jina na namba kila inapoanza mzunguko, na kuwasha mpangilio wa kuhifadhi ifIndex kwenye swichi zenye huo mpangilio.

Jambo jingine la SNMP nilitaje haraka: tumia kaunta za biti 64, zile ambazo majina yake yana HC, kama ifHCOutOctets. Kaunta ya biti 32 kwenye linki ya gigabiti 1 inayofanya kazi kwa uwezo wake wote hujaa na kuanza upya kila sekunde 34 hivi, na kwenye gigabiti 10 kila sekunde 3 na nusu. Ukisoma kila dakika 5, hesabu unayopata haina maana yoyote.

## Mchana mmoja, dakika kwa dakika

Tuchukue aplinki ya gigabiti 10 kwa sekunde. Mchana ina gigabiti 3 zilizotulia. Saa 14:02 kazi ya kutengeneza nakala rudufu inaanza kuamsha seva, moja baada ya nyingine, na kila dakika inayopita inaongeza nusu gigabiti. Kwa mwendo huo, saa 14:15 linki inafika gigabiti 9.5, na hapo foleni kwenye poti inaanza kufurika na pakiti kutupwa.

Hivi ndivyo kila msomaji anavyoliona tukio hilo hilo. Tarakimu zote ni gigabiti kwa sekunde, na kila kisanduku kinaonyesha usomaji wa mwisho uliopo mkononi saa hiyo:

| Saa | Mwendo halisi | SNMP, dakika 5 | SNMP, dakika 1 | Telemetria, sekunde 10 |
|---|---|---|---|---|
| 14:02 | 3.0 | 3.0 | 3.0 | 3.0 |
| 14:05 | 4.5 | 3.45 | 4.25 | 4.46 |
| 14:10 | 7.0 | 5.75 | 6.75 | 6.96 |
| 14:12 | 8.0 | 5.75 | 7.75 | 7.96 |
| 14:15 | 9.5 | 8.25 | 9.25 | 9.46 |

Weka tahadhari ya kawaida, ile ya kupiga kelele linki ikipita asilimia 80, yaani gigabiti 8. SNMP ya dakika 5 italia saa 14:15, wakati pakiti tayari zinatupwa. Na kama umeiwekea sharti la kuona mara mbili mfululizo ili isilie ovyo, ambalo wengi wetu tumeliweka, italia 14:20. Telemetria italia 14:12 na sekunde 10. Tofauti hiyo ndiyo utakayoonyeshwa kwenye matangazo.

Lakini soma safu ya katikati. SNMP hiyo hiyo, ikiulizwa kila dakika 1, ingelia saa 14:13. Imepitwa na telemetria kwa sekunde 50 tu.

Na kikomo cha asilimia 80 si njia nzuri ya kuona mwelekeo. Kinakuambia umefika, wakati ulitaka kuambiwa unakwenda wapi. Ukiwa na Prometheus, unaweza kuchukua mwinamo wa dakika 3 zilizopita na kuuliza: tukiendelea hivi, baada ya dakika 10 tutakuwa wapi? Kwanza unatengeneza mwendo kutokana na kaunta, kisha unaupiga ramli ya hesabu:

```
# kanuni: uplink:out_bps
rate(uplink_out_octets[1m]) * 8

# tahadhari: itafika 9.5 Gb/s ndani ya sekunde 600?
predict_linear(uplink:out_bps[3m], 600) > 9.5e9
```

Kwa mchana wetu, tahadhari hii inawaka karibu na saa 14:06. Ukiiongezea sharti la kudumu dakika 1, ni 14:07, na bado una dakika 8 za kumpigia simu mwenye nakala rudufu apunguze kasi. Nimefanya hesabu hiyo hiyo kwa nukta za SNMP za dakika 1, nikichukua tofauti ya kila usomaji na uliotangulia, na jibu ni 14:06 vilevile. Kwa nukta za dakika 5, saa 14:10 una hatua moja na nusu ya kupanda na unashuku; saa 14:15 una hakika, na linki imejaa.

Kwa hiyo kama mielekeo inayokusumbua inachukua dakika kumi na kuendelea, usianze kwa kubadilisha itifaki. Badilisha muda wa kuuliza kutoka sekunde 300 hadi 60 kwa aplinki zako, ongeza kanuni ya mwinamo, na utakuwa umepata karibu faida yote kwa kazi ya alasiri moja.

Mwelekeo wa polepole zaidi hata hauhitaji hilo. Moduli ya faiba inayochoka, konekta iliyoingia vumbi ambayo makosa ya FCS yanaongezeka siku hadi siku, linki inayokua asilimia chache kila mwezi: dakika 5 zinatosha, na kusoma kila sekunde 10 kunakuongezea kelele tu kwenye grafu.

## Pale SNMP inapoishia

Sasa badilisha mchana wetu. Badala ya kupanda kwa dakika 13, linki inatoka 3 hadi 9.5 ndani ya sekunde 90. SNMP ya dakika 1 inapata usomaji mmoja njiani, na wa pili unakuja linki ikiwa imejaa. Telemetria inapata nukta tisa njiani. Ya tatu, kwenye sekunde ya 30, inaonyesha gigabiti 4.8, na umebakiwa na dakika nzima.

Jibu linalokuja haraka ni: basi tuulize SNMP kila sekunde 10. Nilijaribu, na yaliyotokea yanafaa kuelezwa kwa utulivu.

Kwenye poti iliyokuwa na gigabiti 4 zilizotulia kabisa, grafu ilichora 0, 6, 6, 0, 6, 6, bila kukoma, kama meno ya msumeno. Nilidhani programu ya kusoma ina hitilafu. Haikuwa na hitilafu. Swichi nyingi hazisomi chipu kila SNMP inapouliza. Zinaweka nakala ya kaunta kwenye kumbukumbu na kuisasisha kwa zamu yake, na kwenye swichi ile zamu ilikuwa kila sekunde 15. Mimi niliuliza kila sekunde 10. Swali la pili lilikuta nakala ile ile ya swali la kwanza, tofauti ikawa sifuri. Swali la tatu likakuta baiti za sekunde 15, nikazigawa kwa sekunde 10, zikawa mara moja na nusu ya ukweli. La nne vilevile. Kisha sifuri tena. Kanuni ya mwinamo ikipewa grafu hiyo itapiga kelele usiku kucha.

Njia ya kulitambua tatizo hili ni rahisi: uliza kaunta moja kila sekunde 1 kwa dakika nzima kwenye poti yenye kazi, uone tarakimu inabadilika kila baada ya sekunde ngapi. Huo ndio muda mfupi kuliko wote ambao kifaa chako kinaweza kukupa ukweli. Kuuliza haraka kuliko muda huo, au karibu nao, hakukuletei habari mpya.

Niseme wazi kwamba telemetria si lazima iwe salama hapa. Kama swichi inasasisha kaunta zake polepole, inaweza kukutumia tarakimu ile ile mara mbili ikiwa na muhuri mpya wa muda. Fanya kipimo hicho hicho kwa `--sample-interval 1s` kabla hujaamini nukta za sekunde 10. Tofauti ni kwamba kwenye vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya telemetria njia hiyo kwa kawaida ndiyo iliyo karibu zaidi na chipu.

Tatizo la pili la kuuliza haraka ni saa. Jibu la kaunta kwa SNMP kwa kawaida halisemi kaunta ilisomwa lini. Seva inapiga muhuri jibu linapofika. Swichi ikiwa na shughuli nyingi na jibu likachelewa sekunde 2, kwenye mzunguko wa sekunde 300 kosa ni chini ya asilimia 1 na hutaliona. Kwenye mzunguko wa sekunde 10 ni asilimia 20, kosa kubwa kiasi cha kubuni mwelekeo usiokuwepo. Na swichi huchelewa kujibu hasa ikiwa na mzigo, yaani wakati ule ule unaotaka kuiona vizuri. Telemetria ya gNMI inakuja na muhuri uliopigwa na swichi yenyewe, kwa hiyo habari ikichelewa njiani bado unaigawa kwa muda sahihi. Kwa mielekeo ya chini ya dakika, hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote, ingawa sijaisikia ikitajwa sana.

Tatu ni mzigo. Mtandao wa swichi 60 zenye poti 52 kila moja, ukichukua kaunta 8 kwa kila poti, una thamani 24,960. Kila dakika 5 hiyo ni kama 83 kwa sekunde. Kila sekunde 10 ni karibu 2,500 kwa sekunde, na kila moja ni swali linalopita kwenye prosesa ile ile inayoendesha itifaki za mtandao. Ongeza mfumo wa pili wa ufuatiliaji ambao idara nyingine iliuweka bila kukuambia, na kila kitu kinazidishwa mara mbili. Telemetria inaiondolea swichi kazi ya kuchambua maswali hayo yote, ingawa bado inalipa gharama ya kufunga na kutuma.

## Pale telemetria inapokuangusha

Mtu anayehama kutoka SNMP ana tabia moja nzuri ambayo ataipoteza bila kujua. Kwa SNMP, swichi isipojibu, seva inajua papo hapo, kwa sababu iliuliza na haikupata. Kwa telemetria, ukimya unaweza kuwa na maana mbili, ama hakuna jipya ama njia imekatika, na seva haiwezi kuzitofautisha mpaka uifundishe.

Tuliwahi kuwa na mkusanyaji wa telemetria tuliouandika wenyewe. Usiku mmoja faiawoli iliyo kati yake na swichi ilihamia kwenye mwenzake wa akiba na kusahau vikao vyote vilivyokuwa wazi. Swichi ikatuma, pakiti zikatupwa njiani. Mkusanyaji ulikuwa upande wa kupokea tu, hauna cha kutuma, kwa hiyo kwa upande wake kikao cha TCP kiliendelea kuonekana kizima. Uliendelea kutoa thamani ya mwisho uliyokuwa nayo. Kaunta iliposimama, mwendo ukasomeka sifuri, na tahadhari zote zikanyamaza, kwa sababu zote zilikuwa zinauliza kama mwendo umezidi. Tuligundua asubuhi, mtu alipouliza mbona jengo zima lilikuwa halina trafiki usiku kucha ilhali kamera zilirekodi.

Tulibadilisha vitu viwili. Tuliwasha pigo la uhai la gRPC, itifaki inayoibeba gNMI, kila sekunde 30, ili upande wa kupokea nao uwe unagonga mlango na kugundua kwamba hakuna mtu. Kisha tukaweka tahadhari inayolia kaunta ikigoma kusogea:

```
changes(uplink_out_octets[2m]) == 0
```

Kanuni hii ni salama kwa aplinki, maana hata linki isiyo na mtumiaji yeyote kwa kawaida hutoa pakiti za LLDP kila sekunde 30, na kaunta haiwezi kusimama dakika 2 nzima. Kwa poti ya mezani ambayo kompyuta yake imezimwa au imechomolewa, itakusumbua bure, usiiweke huko.

La pili ni saa ya swichi. Ule muhuri niliousifu hapo juu unategemea NTP. Swichi ambayo saa yake imekwenda mbele dakika 7 itakutumia nukta za wakati ujao. Kuna hifadhidata zitakazozikataa, na nyingine zitazichora mbele ya mstari wa sasa. Ukiona poti zote za swichi moja zimesogea pamoja kulia au kushoto ukilinganisha na jirani zake, angalia `show ntp status` kabla ya kitu kingine.

La tatu ni vyeti. SNMP toleo la 2c inatuma neno lake la siri wazi njiani, na hilo ni baya, lakini halina tarehe ya kuisha. gNMI ikiwekwa sawasawa hutumia TLS, na cheti kikiisha muda swichi zote zilizosainiwa siku moja zinanyamaza siku moja. Ile `--skip-verify` kwenye amri yangu ni ya kujaribia mezani. Usiipeleke kwenye kazi halisi.

Na la nne ni kwamba swichi nyingi tulizo nazo haziijui. Swichi ndogo za ghorofani, za zamani, za bei nafuu, pamoja na vifaa vya umeme wa akiba na viyoyozi vya chumba cha seva, vitaendelea kuzungumza SNMP mpaka vife. Atakayekuambia zima SNMP yote hajakitazama chumba chako cha vifaa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna kati ya hizi mbili kinachokiona: mlipuko wa trafiki wa milisekunde chache, ule unaojaza bafa ya poti na kuisha kabla hujapepesa jicho. Kwenye wastani wa sekunde 10 unayeyuka kama ulivyoyeyuka kwenye dakika 5. Unachoweza kuona ni alama yake, kaunta ya pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka, `out-discards` upande wa gNMI na `ifOutDiscards` upande wa SNMP. Ikipanda huku mwendo ni gigabiti 4 tu kati ya 10, tafuta milipuko hiyo kwa vipimo vya bafa vya swichi yenyewe. Kupunguza muda wa kusoma hakutakusaidia.

## Ningechagua nini

Swali la kwanza ni utafanya nini na sekunde 60 unazozipata. Binadamu aliyeamshwa na simu hawezi kufanya chochote ndani ya dakika moja. Ila hati inayopunguza kasi ya nakala rudufu yenyewe, au mfumo unaohamisha trafiki kwenda linki ya pili, inaweza. Kama unayo moja ya hizo, au uko njiani kuiandika, telemetria kwenye aplinki zako ina thamani ya kazi yake. Kama huna, faida inayobaki ni kuchunguza tukio baada ya kupita, ukiwa na picha ya sekunde 10 badala ya ya dakika 5. Nayo si ndogo: imewahi kuniokoa kwenye mabishano na watu wa seva zaidi ya mara moja.

Kwa mtandao wa ukubwa niliotaja, ningegawa hivi. Aplinki na swichi za kiini, telemetria ya sekunde 10 kwa kaunta. Hali ya poti, yaani imewaka au imezima, ningeiomba kwa `on-change`, ili swichi itume pale tu inapobadilika. Inafika papo hapo kupitia TCP, wakati taarifa ya SNMP ya poti kuzima kwa kawaida inakuja kwa UDP na inaweza kupotelea njiani bila yeyote kujua. Kaunta usiziombe kwa `on-change`. Zinabadilika kila pakiti, na vifaa vingi vitakataa ombi hilo. Poti za mezani ningeziacha kwenye SNMP ya dakika 1 au hata 5, na vifaa vya umeme na viyoyozi navyo huko huko.

Kuna sababu ya hifadhi pia. Kaunta zote 24,960 kwa sekunde 10 zinazaa thamani kama milioni 216 kwa siku. Prometheus inatumia baiti 1 hadi 2 kwa thamani, kwa hiyo diski inavumilia: megabaiti 215 hadi 430 kwa siku. Lakini maswali ya grafu yanakuwa mazito, na ukiangalia aplinki 4 za kila swichi peke yake unashuka hadi milioni 17 hivi. Tofauti hiyo yote ni poti za mezani ambazo hakuna anayezitazama kwa sekunde.

Kabla ya kuzima SNMP kwenye aplinki yoyote, ziache zote mbili zisome poti ile ile kwa wiki moja. Kwa kila siku chukua tofauti ya kaunta ya kwanza na ya mwisho kutoka kila upande. Zinasoma mita moja, kwa hiyo jumla ya baiti za siku zinapaswa kulingana kwa karibu sana, tofauti ikiwa ni sekunde chache za mwanzo na mwisho. Zikipishana kwa asilimia kadhaa, anza kuhakikisha kwamba ifIndex uliyoiandika ni ya poti unayoidhani. Ikiwa sawa, angalia kama kuna mtu alisafisha kaunta kwa amri, maana kwenye vifaa vingine amri hiyo inagusa upande mmoja na kuuacha mwingine. Mimi siku ya tatu nilikuta upande wa SNMP una theluthi tu ya baiti za telemetria, na poti niliyokuwa nikiisoma miezi yote ile ilikuwa ya pili katika kundi la linki mbili zilizofungwa pamoja.